Mtoto wa Marehemu Dada Kwenye Fomu

Karibu kila fomu ya uhamiaji huishia kwenye visanduku vya kuweka tiki, na watu wengi huvijaza haraka ili wafike kwenye sahihi. Visanduku hivyo si vya aina moja. Kimoja hukuomba ridhaa: unakubali taarifa zako zipelekwe ofisi fulani, au uchukuliwe mate kwa kipimo cha vinasaba. Ridhaa unaweza kuikataa, ingawa faili huenda likasimama. Kingine ni tamko: unasema yaliyoandikwa juu yake ni kweli kwa kadiri unavyojua, na unakubali kuadhibiwa kisheria kama umedanganya. Hilo ukishalitia sahihi, kauli yako imeshaingia kwenye faili. Unaweza kuisahihisha, lakini haifutiki.

Tuchukue familia ya kubuni ya kartie Rwambuzi, hapa Bunia. Mama mmoja alikimbilia Uganda wakati wa vita vya Ituri, akapokelewa Marekani kama mkimbizi, kisha anaombea watoto wake waliobaki. Anao watatu wa kuwazaa. Wa nne ni wa marehemu dada yake. Amemlea tangu akiwa ananyonya, naye humwita mama. Kwenye fomu ya kiapo cha uhusiano, mbele ya jina lake, yule mama anaweka tiki kwenye kisanduku cha mtoto wa kumzaa.

Kwa Rwambuzi nzima huyo ni mwanawe, na hakuna jirani angemsahihisha. Ila fomu haikuuliza nani amelelewa na nani. Iliuliza namna ya uhusiano, na majibu yake yametenganishwa: wa kuzaa, wa kuasili, wa kambo. Tiki ile imesema jambo ambalo maabara inaweza kulipima.

Na mambo kama hilo yalipimwa kweli. Mwaka 2008 Marekani ilianza majaribio ya vinasaba kwa waombaji wa mpango wa kuunganisha familia za wakimbizi, unaojulikana kama P-3. Ilianzia Nairobi, kisha ikaenda nchi nyingine za Afrika, Uganda ikiwemo. Familia ambazo uhusiano wote uliodaiwa ulithibitika zilikuwa chini ya asilimia 20. Mpango ukasimamishwa mwaka huohuo. Takwimu hiyo imesomwa vibaya mara nyingi, kana kwamba wote waliobaki walidanganya. Ndani yake wamo waliokataa kupimwa na waliokosa kufika, na familia nzima ilihesabiwa haikuthibitika hata kama mtoto mmoja tu ndiye hakulingana na mzazi. Mtoto wa marehemu dada angetosha kabisa. Mpango ulipofunguliwa tena mwaka 2012, kipimo kikawa sharti kwa kila aliyedai uhusiano wa mzazi na mtoto wa kumzaa. Gharama ililipwa kwanza na jamaa aliyeko Marekani, akarudishiwa kama majibu yamethibitisha.

Kinachoniuma ni kwamba ukweli ulikuwa na mlango wake. Kanuni za mpango ziliruhusu, kwa uamuzi wa kesi moja moja, mtu asiye mwana wala mke aliyeishi nyumba moja na familia hiyo na kutegemea chungu kimoja, kama kuna sababu nzito za kibinadamu. Yatima huyu angeweza kuombewa kwa njia hiyo, kwa maelezo na cheti cha kifo cha mama yake. Haikuwa hakika, lakini haikuwa uwongo.

Je, mama huyo amefanya kosa la jinai? Sheria ya uhamiaji ya Marekani hutazama kama maelezo ni ya uwongo, kama yalitolewa kwa kujua, na kama yana uzito kwenye uamuzi. Tarehe ya kuzaliwa iliyokosewa mwaka mmoja kwa kutokumbuka haifanani na mzazi aliyebadilishwa kwa makusudi. Uwongo wa makusudi wenye uzito humzuia mwombaji kuingia maisha yake yote, isipokuwa apewe msamaha maalumu. Aliyeapa naye anaweza kushtakiwa. Kwetu Kongo, ibara ya 124 ya kanuni ya adhabu hutoa kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5 na faini, au moja tu ya adhabu hizo, kwa anayeghushi maandishi kwa nia ya kulaghai au kudhuru. Ibara ya 126 humwadhibu vilevile anayetumia karatasi hiyo kwa nia hiyohiyo akijua imeghushiwa. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kilichoghushiwa ili kuunga mkono tiki ile huongeza kosa la pili, safari hii huku nyumbani.

Uwongo huu hauhitaji maabara ili ujulikane. Afisa hulinganisha kiapo na faili la mama mwenyewe, la siku alipohojiwa ukimbizini. Kama pale alitaja watoto watatu, na mmoja ambaye ni wa dada, wa nne atatokea wapi?

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, ila viapo vilivyokwisha kuwasilishwa vimo ndani ya mafaili. Mwenye tiki kama ile aandike barua ya masahihisho akitaja namba ya faili, jina la mtoto, uhusiano halisi na sababu ya kukosea. Aipeleke kabla ya kuitwa kupimwa au kuhojiwa, kwa sababu masahihisho ya hiari yaliyofika mapema huweza kuondoa kosa. Yakija baada ya afisa kugundua, yatahesabiwa kuwa ni kukiri tu.