Siki ya rangi: namna ya kujua nguvu yake, na maji ya aina mbili yanayodanganya hesabu

Mu masoko ya Lubumbashi, siki, ile wengi wanaita vinegre, iko ya aina mbili: nyeupe kama maji, na ya rangi, kahawia kama chai kavu. Wengi wanaamini ile ya rangi ndiyo kali zaidi. Lakini mara nyingi rangi hiyo ni karameli tu, ni kusema sukari iliyounguzwa, na karameli haiongezi nguvu ya siki hata kidogo. Nguvu inatoka kwa asidi asetiki. Kama kwenye karatasi ya chupa kumeandikwa 6 % ao 6°, maana yake ndani ya mililita 100 za siki kunapaswa kuwa gramu 6 za asidi hiyo.

Kwa mama anayetia siki kidogo juu ya saladi, 6 ao 4 haibadilishe kitu kikubwa. Kwa mama anayetengeneza pilipili ya chupa ao achari ya kuuza, inabadilisha mengi. Vijidudu vya botulizimu, ambavyo vinapenda vyombo vilivyofungwa bila hewa, haviwezi kukua pale pH iko chini ya 4,6. Siki ndiyo inashusha hiyo pH. Mwenye kupima siki yake kwa kikombe kama zamani, na siki yenyewe imepunguzwa maji huko ilikotoka, anafunga chupa ambazo hazina ulinzi aliofikiri zinao.

Njia ya kujua ukweli ni dozaji, ile wanafunzi wa kemia wanafanya kwenye laboratware. Unachukua kipimo cha siki, unatia matone mawili matatu ya fenoloftaleini, kisha unashusha soda kostiki polepole kutoka kwenye burete. Soda inaua asidi. Siku zote asidi ikiwa bado iko, fenoloftaleini haina rangi. Asidi ikiisha, tone moja zaidi la soda linaigeuza kuwa waridi. Unasoma mililita ngapi za soda zimeshuka, na hapo unajua asidi ilikuwa ngapi.

Kwa siki nyeupe hakuna shida. Kwa siki ya kahawia, waridi hafifu ndani ya kahawia hauonekane. Mtu anaendelea kushusha soda mpaka rangi iwe nyekundu kabisa, na hapo amepita mbali. Wengine wanapata wazo la kuisafisha siki kwa makaa ya unga ili rangi ipotee. Rangi inapotea kweli, lakini makaa yananasa na asidi asetiki yenyewe, kwa hiyo unapima siki ambayo umekwisha kuiibia. Laboratware yenye pH-meta iko na njia rahisi: inashusha soda na kusimama pale kipimo kinafika karibu 8,5, bila kuangalia rangi yoyote. Asiye na kifaa hicho anabaki na njia ya kuchangya siki na maji.

Inafanywa hivi. Kwa pipete unachukua mililita 10 za siki, unazitia ndani ya chupa ya kupimia yenye alama ya mililita 100, na unajaza maji ya kudistile mpaka kwenye alama, bila kupita. Unafunga na kugeuza chupa mara nyingi ili ichanganyike. Sasa siki imepunguzwa mara 10 na kahawia imekuwa manjano hafifu. Kutoka hapo unachukua mililita 20, unaziweka kwenye kichupa cha dozaji juu ya karatasi nyeupe. Pembeni unaweka kichupa kingine chenye mchanganyiko uleule bila fenoloftaleini. Hicho cha pili ndicho kinasaidia jicho: unasimama pale cha kwanza kinapoachana nacho kwa waridi hafifu unaokaa nusu dakika.

Faida ya kupunguza si rangi peke yake. Siki ya 6 % iko na nguvu karibu mara 10 kushinda soda ya mole 0,1 kwa lita, ile inayotumiwa mara nyingi. Ukipima mililita 20 za siki yenyewe, ungehitaji karibu mililita 200 za soda, na burete ya kawaida inachukua 50 ao 25.

Tuseme chupa imeandikwa 6 %, na burete inasoma 13,2, kisha 13,1, kisha 13,1. Tunashika 13,1. Kila mililita ya soda ya 0,1 inaua miligramu 6 za asidi asetiki. Ndani ya zile mililita 20 kulikuwa mililita 2 tu za siki ya kweli, kwa hiyo kila mililita ya burete ni 0,3 %:

```
13,1 x 0,3 = 3,93
```

Siki hiyo iko na 3,9 %, si 6. Ingekuwa 6 kweli, burete ingeshuka mpaka 20.

Hapa ndipo maji yanadanganya watu. Maji ya kwenye chupa yenye alama yanaingia kwenye hesabu. Anayeyasahau ataandika 0,39 %. Lakini kama rangi bado inasumbua, unaweza kuongeza maji mililita 50 moja kwa moja ndani ya kichupa cha dozaji, na hayo hayaingii kwenye hesabu. Asidi imekwisha kupimwa na pipete; kuogelea ndani ya maji mengi hakuiongezi wala kuipunguza. Anayeyahesabu atapata karibu 13,8 %, siki ambayo hakuna mtu anauza kwa ajili ya saladi.

Makosa mengine karibu yote yanamsaidia muuzaji. Kupita waridi kwa mililita moja kunaongeza 0,3 %. Maji yenye gesi ya hewa ndani yake yanakula soda pia, ndiyo sababu wanayachemsha kwanza na kuyapoza. Kubwa kuliko yote ni soda yenyewe: ikikaa inanyonya unyevu na gesi ya hewa, inakuwa dhaifu. Inabidi kuipima kwanza. Unayeyusha gramu 0,63 za fuwele za asidi oksaliki ndani ya mililita 100. Mililita 10 za hiyo zinapaswa kumaliza mililita 10 za soda nzima. Zikimaliza 10,9, soda haiko 0,1 bali 0,092, na ile siki yetu ya 3,9 inashuka kuwa 3,6.

Kuna kitu kimoja dozaji haiwezi kukiona: jina la asidi. Soda inaua asidi yoyote. Mu Katanga, mahali asidi sulfiriki inapita kila siku kwa malori kwenda kwenye viwanda vya shaba, hilo si swali la bure, kwa sababu kutia asidi ya madini ndani ya siki ni udanganyifu wa zamani duniani. pH ndiyo inaitoa nje. Siki ya kweli ya 6 % iko karibu na 2,4. Sehemu moja tu ya kumi ya asidi hiyo ikiwa ni sulfiriki, pH inashuka chini ya 1,5, wakati burete inasoma 20 sawasawa. Kipimo hicho kinafanywa kwenye siki kabla ya kuipunguza, na kwa siki ya kahawia pH-meta ni bora kuliko karatasi, juu karameli inachafua rangi ya karatasi nayo.