Nodi huwekwa alama inapoingia kwenye foleni

Swali la kutafuta kwa upana katika mtihani wa miundo data huonekana jepesi. Unapewa grafu ndogo na nodi ya kuanzia, unaambiwa uonyeshe foleni hatua kwa hatua, kisha utaje njia fupi kuliko zote. Wanaokosa mara nyingi hukosea jambo moja: ni wakati gani nodi inahesabiwa kuwa imeshafikiwa.

Tuchukue grafu yenye nodi sita, A hadi F, na viungo vinane visivyo na mwelekeo: A–B, A–C, B–D, C–D, C–E, D–E, D–F na E–F. Tunataka kutoka A hadi F, na majirani wanachukuliwa kwa mpangilio wa alfabeti. Sharti hilo la alfabeti lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana, kwa kuwa grafu hii ina njia tatu fupi zenye urefu uleule, na mtahini anategemea jibu lako lifuate mpangilio alioutaja.

A inaingia kwenye foleni ikiwa na umbali 0. Kila nodi inapotoka mbele ya foleni tunawatazama majirani wake. Jirani ambaye bado hana alama tunampa alama papo hapo, tunamwandikia umbali wa aliyemleta ukiongezwa moja, tunaandika mzazi wake, ndipo anaingia nyuma ya foleni. Mwenye alama tayari haguswi tena.

```
Inatoka  Wapya (umbali, mzazi)   Foleni
A        B (1, A), C (1, A)      B C
B        D (2, B)                C D
C        E (2, C)                D E
D        F (3, D)                E F
E        -                       F
F        -                       tupu
```

Njia husomwa kinyumenyume kwa kufuata wazazi: F aliletwa na D, D na B, B na A. Jibu ni A–B–D–F, viungo vitatu.

Sasa tumtazame mwanafunzi anayesubiri nodi itoke kwenye foleni ndipo aiwekee alama. C inapotoka, anaikuta D haina alama. Anafuta mzazi B, anaandika C, na D inaingia kwenye foleni mara ya pili. Umbali bado ni 2, kwa hiyo hashtuki. D inapotoka, anaikuta E nayo haina alama, ingawa imo foleni ikisubiri zamu yake. Anafuta umbali wa E uliokuwa 2 na kuandika 3, mzazi D. E ikitoka inamletea F umbali 4. Jibu lake linakuwa A–C–D–E–F, kiungo kimoja zaidi, na kila mstari wa karatasi yake unaonekana nadhifu.

Kosa hili hujionyesha mapema kwa anayelitafuta. Herufi moja ikionekana mara mbili katika foleni, simama hapo, maana katika ufuatiliaji sahihi kila nodi huingia mara moja tu. Ukaguzi wa pili ninaupenda zaidi, kwa sababu unaweza kuufanya hata baada ya kumaliza. Pitia viungo vyote vya grafu kimoja kimoja: ncha mbili za kiungo haziwezi kupishana umbali kwa zaidi ya 1. Katika jibu lile lenye kosa, C ina 1 na E ina 3, ilhali zimeunganishwa moja kwa moja. Haiwezekani, kwani aliyefika C kwa hatua moja anafika E kwa mbili. Viungo vinane hukaguliwa kwa muda mfupi sana.

Naamini chanzo cha mkanganyiko ni Dijkstra, ambaye mbinu yake aliyoichapisha mwaka 1959 hufundishwa karibu na hii. Kwake, umbali wa nodi unaweza kubadilika hadi nodi hiyo itolewe, lakini hubadilishwa tu ukipatikana ulio mdogo zaidi. Ruhusa hiyo inahitajika kwa sababu viungo vyake vina uzito. Mpe D–F uzito wa 9 na vingine vyote 1: A–B–D–F inagharimu 11, wakati A–C–E–F inagharimu 3. F iliyofikiwa kwanza kupitia D lazima isahihishwe E ikitolewa. Viungo vyote vikiwa na uzito sawa, nodi zilizo karibu hutangulia kuingia kwenye foleni, kwa hiyo umbali wa kwanza kuandikwa ndio mfupi, na hakuna cha kusahihisha. Kabla ya kuandika foleni, tazama kama michoro ya viungo ina namba, na kama zinatofautiana.