Trikodinia: Maumivu ya Ngozi ya Kichwa Isiyo na Dalili, na Uhusiano Wake na Msongo wa Mawazo

Trikodinia ni hali ya ngozi ya kichwa kuwaka moto au kuuma inapoguswa, ilhali kwa macho haina upele, magamba wala wekundu. Mwaka 1996 Rebora na wenzake, wa Italia, waliieleza kwa wagonjwa waliokuwa wakipukutikwa na nywele.

Tuchukulie mwanamke wa miaka 30 aliyefiwa. Baada ya takriban miezi 3, nywele zake zinaanza kupukutika, na utosi unauma anapochana. Msongo huweza kuzisukuma nywele nyingi kwa pamoja katika kipindi cha mapumziko, na pia kuzifanya neva ziwe nyepesi kuhisi maumivu. Hata hivyo, uhusiano huo hauthibitishi chanzo, kwa kuwa kupoteza nywele nako huzaa wasiwasi.

Kwa hiyo, utambuzi hufikiwa baada ya kutenga sababu nyingine, ikiwemo misuko inayobana. Mgonjwa aliyezidi miaka 50 mwenye maumivu mapya ya kichwa, taya linalouma anapotafuna au uoni unaofifia hapaswi kuambiwa kuwa ni msongo tu: huenda ana uvimbe wa mishipa ya damu ya panja, na kuchelewa kutibiwa kunaweza kumpofusha.