Volti 8 kwa Kila Hezi

Ubavuni mwa kila mota ya kiwandani kuna kibati, mara nyingi kimezibwa na vumbi na grisi. Kifute kibati cha mota ya kawaida ya kilowati 4 inayotumia umeme wa njia tatu, nawe utasoma 400 V, 50 Hz, mizunguko 1,440 kwa dakika, na ampea 8 na ushee. Sasa gawanya 400 kwa 50. Jibu, yaani 8, halikuandikwa popote kwenye kibati hicho, lakini ndilo ambalo kile kisanduku cha kubadilisha mwendo wa mota, ambacho mafundi hukiita VFD au inveta, hulilinda kuanzia mota inapoanza kusogea hadi inapofika mwendo wake kamili.

Mota ya aina hii, ya induksheni, haina brashi wala waya unaopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Umeme huingia katika koili zilizopangwa pembeni, na kwa kuwa njia tatu hupokezana zamu, hutokea sumaku inayozunguka ndani ya mota. Umeme wa hezi 50 hugeuka kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mota yenye ncha 4 za sumaku huizungusha sumaku hiyo mara 1,500 kwa dakika. Rota iliyo katikati huifukuza bila kuifikia. Ile mizunguko 60 inayopungua ndiyo inayoipa rota mkondo wake na nguvu yake. Siku ikiifikia sumaku, haitakuwa na nguvu ya kusukuma chochote.

Kwa hiyo mwendo hutawaliwa na hezi. Ukileta hezi 25, sumaku itazunguka mara 750 na rota itafuata nyuma yake, karibu mizunguko 690 ikiwa mzigo ni uleule. Mtu angeweza kusema: basi, tupunguze hezi na kazi imekwisha.

Haijaisha. Kinachozuia mkondo usifurike ndani ya koili si ukinzani wa waya, ambao ni mdogo sana, bali ni sumaku yenyewe. Kila inapogeuka huzalisha volti zinazosukuma kinyume na zile zinazoingia. Ikigeuka taratibu, volti hizo za kupinga hupungua, na ili zilingane tena na zinazoingia, sumaku hulazimika kuwa kubwa zaidi. Ukiacha volti 400 kwenye hezi 25, chuma cha mota kitatakiwa kubeba sumaku mara mbili ya ile kilichoundiwa. Hakiwezi. Chuma hushiba, na kikishashiba, kila ampea inayoongezeka haileti nguvu yoyote ila joto. Mota hunguruma, hunuka varnishi, na ikiendelea hivyo koili huungua hata kama haijafungwa mzigo.

Kupunguza volti peke yake nako hakusaidii sana. Ndivyo kinavyofanya kidhibiti cha feni ya dari, nacho hufaulu kwa sababu upepo ni mzigo mwepesi unaopungua haraka mwendo ukishuka. Mzigo mzito haukubali hivyo. Volti zikishuka nusu, nguvu ya kuzungusha hubaki robo, rota hubaki nyuma mno, na mkondo hupanda.

Njia iliyobaki ni kuvishusha vyote viwili kwa pamoja: hezi 25 kwa volti 200, hezi 10 kwa volti 80. Sumaku hubaki ileile, na nguvu ya kuzungusha pia. Kisanduku hufanya hivyo kwa kuugeuza kwanza umeme unaoingia kuwa wa moja kwa moja, wa volti 565 hivi, kisha kuukatakata kwa transista sita maelfu ya mara kwa sekunde. Upana wa vipande huamua volti, mpangilio wake huamua hezi. Ule mlio mwembamba unaosikika kwenye mota iliyofungwa VFD ni wa ukataji huo.

Kwenye karatasi huu ni mstari mnyoofu kutoka sifuri. Kwenye mashine, mstari huo hupinda pale chini kabisa, na hapo ndipo mafundi wengi hukwama. Chukua mota yetu na uifunge kwenye mashine ya kuchanganya chakula cha kuku, pipa limejaa pumba na mashudu, na mwenye kiwanda anataka lianze taratibu. Kila njia ya umeme ina volti 231 ukipima hadi waya wa nyutro. Tuseme ukinzani wa koili ni omu 1.5. Ampea 8 zikipita, volti 12 hupotea katika waya tu. Kwenye volti 231 hakuna atakayeziona. Lakini kwenye hezi 5 kila njia hupewa volti 23 tu, na zikiondolewa zile 12, zinazobaki za kutengeneza sumaku hazifiki nusu. Nguvu ya kuzungusha hushuka hadi karibu robo. Pipa halitikisiki, namba za ampea zinapanda kwenye kioo, kisha kisanduku kinajizima.

Dawa yake ni nyongeza ya volti kwenye mwendo wa chini. Katika hesabu yetu, kila njia ipewe 35 badala ya 23 ikiwa kwenye hezi 5. Volti 12 ni takribani asilimia 5 ya 231, na kwenye mipangilio ya visanduku vingi nyongeza huandikwa kwa asilimia hivyo hivyo. Ubaya ni kwamba mstari huu ni kipofu: haujui pipa limejaa au ni tupu. Pipa likiwa tupu, zile volti 12 hazipotei zote, nazo huenda kukishibisha chuma. Fundi anayeipandisha nyongeza hadi asilimia 12 ili mradi pipa lizunguke, amehamisha tatizo. Atalijua akiizungusha mota bila mzigo kwenye hezi 5: ikila ampea nyingi, na ampea zikashuka anapopunguza nyongeza, basi alizidisha. Kwa mzigo mzito wa namna hii, mimi ningechagua kisanduku kinachopima mkondo na kurekebisha volti chenyewe, hata kama bei yake iko juu.

Kosa jingine halina kelele. Visanduku vingine huletwa vikiwa vimepangwa kwa nchi za hezi 60, na mtu husahau kubadilisha. Hapo volti 400 hufikiwa kwenye hezi 60, hivyo kwenye 50 mota hupata 333 tu, na uwezo wake wa juu wa kuzungusha hubaki karibu asilimia 70. Bila mzigo utaiona iko sawa kabisa. Ikibebeshwa, hupata moto bila sababu ya kuonekana. Kulibaini hakuhitaji kufungua kitu: weka hezi 25, kisha soma volti za kutoka kwenye kioo cha kisanduku. Ukiona 200, sawa. Ukiona 167, umelipata. Usitumie mita ya kawaida kupima huko, kwa sababu vipande vya umeme huidanganya.

Juu ya hezi 50 uwiano huvunjika wenyewe, maana kisanduku hakiwezi kutoa volti zaidi ya kinachopokea. Kwenye hezi 60 mota yetu hubaki na volti 6.7 kwa kila hezi. Huenda mbio zaidi, ila sumaku imepungua. Feni na pampu nazo huko juu hudai nguvu nyingi zaidi kadiri zinavyokimbia, kwa hiyo mota huelemewa upesi.

Uwiano hauwezi pia kuzuia jambo moja la chini: feni ya kupoza mota imefungwa kwenye ekseli ileile. Pipa likizungushwa kwa hezi 10 mchana kutwa, mkondo ni uleule lakini upepo ni kidogo sana, na hapo hufungwa feni ya pembeni yenye umeme wake.