Sifa za Muuzaji na Uongo Ulioandikwa

Ndugu mkulima, msimu wa kupanda ukikaribia, maduka ya Nangina, Funyula na Busia hujaa matangazo. Picha ya hindi kubwa hutundikwa mlangoni, na chini yake maneno matamu. Maneno hayo ni ya namna mbili, na sheria haiyatazami kwa jicho moja. Namna ya kwanza ni majivuno ya biashara tu, wala hayakupi haki yoyote. Namna ya pili ni habari ya jambo lenyewe, na ikiwa ni ya uongo waweza kudai fedha yako. Yafaa ujue kuyatenga kabla hujafungua mkoba.

Tuchukue mfano. Tuseme mkulima mmoja wa Nangina ana ekari moja iliyoharibiwa na kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau ambalo Wajaluo huliita kayongo. Gugu hili hunyonya mizizi ya mahindi chini ya ardhi, na mahindi hudumaa kabla hata gugu lenyewe halijaonekana. Dukani mkulima huyu anasoma tangazo: "Mbegu bora kuliko zote! Mkulima mwerevu hupanda hii! Hukomaa kwa siku 90. Imepakwa dawa ya kuua kiduha." Ananunua pakiti 5 za kilo 2, zinazotosha ekari yake.

Yatazame maneno hayo moja moja. "Bora kuliko zote" hayapimiki. Hakuna mizani ya kupima ubora wa namna hiyo, na kila mtu ajua kwamba muuzaji husifu mali yake. "Mkulima mwerevu hupanda hii" ni vivyo hivyo. Hayo ni sifa tu. Lakini "imepakwa dawa ya kuua kiduha" ni jambo ambalo ni kweli au si kweli. Mbegu za namna hiyo zipo. Ile iitwayo Ua Kayongo, ambayo wakulima wa Magharibi ya Kenya wameifahamu kwa miaka mingi, hupakwa dawa ya imazapir, na mkulima huambiwa anawe mikono kabla ya kushika maharage, maana dawa hiyo yaweza kuyadhuru. Basi mtaalamu akiipima mbegu na asikute dawa, tangazo limesema uongo.

Kesi ya shamba la mwaka 1866

Tofauti hii si mpya. Sheria ya mapatano ya Kenya imetokana na sheria ya Kiingereza, na huko Uingereza mwaka 1866 iliamuliwa kesi ya Dimmock na Hallett, iliyohusu shamba lililouzwa mnadani. Karatasi ya mnada ilisema kwamba ardhi ina rutuba nyingi na yaweza kuboreshwa, kumbe sehemu yake ilikuwa imeachwa kwa kuwa haifai kitu. Mahakama ilisema kwamba hayo ni maneno ya kunogesha mnada, na mnunuzi hawezi kuyategemea.

Lakini karatasi hiyo ilisema pia kwamba baadhi ya mashamba yamepangishwa kwa watu fulani kwa kodi fulani. Haikusema kwamba wapangaji hao walikwisha kutoa taarifa ya kuondoka. Hapo mahakama ilimwachilia mnunuzi, asishikwe na mapatano yale. Jifunze mambo mawili: rutuba ilikuwa sifa, na habari ya wapangaji ilikuwa jambo la hakika. Tena, nusu ya kweli yaweza kudanganya sawa na uongo mzima. Wewe unayenunua au kukodi kiwanja katika skimu, usitosheke na "ardhi nzuri sana." Uliza ekari ni ngapi, hati ya ardhi ina jina la nani, na kama kuna deni, kisha uandikiwe.

Kati ya sifa na jambo la hakika kuna maoni. Mwaka 1927, katika kesi ya Bisset na Wilkinson iliyotoka Nyuzilandi, muuzaji alisema kwamba shamba lake laweza kulisha kondoo 2,000. Hakuwahi kufuga kondoo katika shamba hilo, na mnunuzi alijua hivyo. Kwa hiyo mnunuzi alishindwa, maana yale yalikuwa makisio ya mtu asiye na ujuzi kuliko yeye. Muuzaji wa mbegu mwenye kumbukumbu za majaribio ni mtu mwingine. Akisema "siku 90" huku majaribio yake yanaonyesha zaidi, hawezi kujificha nyuma ya neno maoni.

Unaweza kudai nini?

Sharti maneno yawe ya uongo, uwe umeambiwa kabla ya kununua, na yawe yamekusukuma ununue. Kama ulijua ukweli na ukanunua hata hivyo, huna dai.

Ukiwa navyo vyote hivyo, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakuruhusu kuvunja mapatano, yaani kurudisha mali na kurudishiwa fedha, hata kama mlipatana kwa mdomo tu. Lakini mpe muuzaji taarifa ndani ya mwaka mmoja tangu mlipopatana. Usingoje. Ukigundua udanganyifu kisha ukaendelea kuitumia mali kana kwamba umeridhika, dai lako linadhoofika.

Mkulima wetu hawezi kurudisha mbegu iliyokwisha kuota. Hata hivyo hajapoteza yote. Tuseme alilipa shilingi 3,000, na mbegu ya kawaida isiyo na dawa ingekuwa shilingi 2,000. Atadai ile shilingi 1,000 iliyozidi, na pia hasara iliyotokana na uongo ule, kama vile mavuno yaliyopotea. Hapa ndipo wengi hushindwa. Muuzaji atasema mvua ilikuwa haba, au palizi ilichelewa, na huenda ni kweli.

Kwa hiyo ushahidi uandaliwe mapema. Weka risiti, pakiti tupu, na konzi ya mbegu usiyoipanda. Piga picha ya tangazo lingali ukutani. Kwangua lebo ya pakiti, utume namba zake kwa 1393 ili KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, likujulishe kama mbegu ni halali. Kiduha kikitokea, mwite Bwana Shamba mahindi yakiwa bado shambani, aandike alichoona, na alilinganishe shamba lako na la jirani aliyepanda mbegu nyingine siku zile zile.

Kisha mwandikie muuzaji barua, utaje tangazo, kasoro na kiasi unachodai, na ubaki na nakala. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Neno moja kwetu wa mpakani. Mbegu iliyovushwa kutoka ng'ambo, Busia au Malaba ya Uganda, na kuuzwa gulioni bila lebo wala risiti, huenda ikawa rahisi. Lakini siku kiduha kitakapochanua, hutakuwa na tangazo la kuonyesha wala mtu wa kumshitaki. Unapopunguziwa shilingi mia, hesabu pia kwamba umeiacha haki yako mezani.