Kilo 1.1 na kilo 2.2: jumla inayokataa kuwa 3.3

Kati ya Ruiru na Thika bado wapo watu wanaofuga ng'ombe mmoja au wawili nyuma ya nyumba, ingawa majumba ya kupangisha yanazidi kumeza mashamba yaliyokuwa ya kahawa. Tumchukue mfugaji wa mfano huko Juja. Jana jioni alipeleka kilo 1.1 za maziwa, na leo asubuhi akapeleka kilo 2.2. Risiti yake inasema 3.3. Sasa kijana anayeandika programu ya kukagua risiti hizo kwa lugha ya C anaandika hivi:

```c
double jioni = 1.1, asubuhi = 2.2;
double jumla = jioni + asubuhi;
if (jumla == 3.3)
    printf("Sawa\n");
else
    printf("Si sawa: %.17g\n", jumla);
```

Kwenye kompyuta za kawaida za leo, jibu litakuwa kwamba si sawa: jumla ni 3.3000000000000003. Risiti halali imekataliwa.

Wengi hudhani kompyuta imekosea kujumlisha. Haikukosea. Katika mfano huu kujumlisha kulifanyika kikamilifu, bila kupoteza hata chembe. Tatizo liliingia mapema zaidi, pale namba zenyewe zilipoandikwa ndani ya mashine.

Kompyuta hujenga sehemu za namba kwa kugawa kwa mbili tu: nusu, robo, thumuni, na kuendelea hivyo. Mchuuzi mwenye vikombe vya nusu, robo, thumuni na nusu ya thumuni hawezi kukupimia sehemu moja ya kumi ya lita ikatimia barabara. Atakaribia, kisha atakaribia zaidi, lakini hatafika. Aina ya `double` ina nafasi ya biti 53 za tarakimu, kwa mujibu wa kanuni ya IEEE 754 iliyotolewa mwaka 1985, na biti hizo zikiisha inabidi kuchukua namba iliyo karibu zaidi.

Kwa hiyo 1.1 ya mfugaji wetu huhifadhiwa ikiwa imezidi kidogo sana: ziada yake inaanzia tarakimu ya 17 baada ya nukta. Nayo 2.2 imezidi, mara mbili ya hapo. Ila 3.3 iliyoandikwa kwenye risiti imepungua, kwa sababu kwake namba ya karibu zaidi iko upande wa chini. Ukiichapisha kwa `%.17g` utaona 3.2999999999999998. Ziada mbili zimejumlishwa, zikalinganishwa na upungufu mmoja. Namba hizo mbili ni majirani kabisa, hakuna `double` nyingine kati yao, lakini alama ya `==` haijui ujirani. Inauliza kama biti zote zinafanana, basi.

Kosa la pili ndilo la kujumlisha kwenyewe, na hilo huonekana hesabu inapokuwa ndefu. Jumlisha 0.1 mara kumi kwa `double` na utapata 0.9999999999999999, kwa kuwa katika baadhi ya hatua jibu halitoshei na linakadiriwa upya. Jumlisha mara milioni moja, utapata takriban 100000.0000013. Hakuna mfugaji atakayeumizwa na tofauti hiyo. Lakini fanya kazi hiyohiyo kwa `float`, yenye biti 24 tu, na jibu linakuwa 100958.34. Hizo ni karibu kilo 958 za maziwa ambazo hakuna ng'ombe aliyezitoa.

Zimetoka wapi? Jumla ya `float` ikishapita 65536, namba zinazoweza kuandikwa zinapishana kwa 0.0078125. Sehemu moja ya kumi haigawanyiki sawasawa kwa hatua hiyo, kwa hiyo kila 0.1 inayoongezwa huingia kama 0.1015625. Kosa halibahatishi juu na chini likajifuta. Linakwenda upande mmoja, maelfu ya mara mfululizo. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba `float` haifai kubeba jumla ya mwezi mzima.

Sehemu moja ya kumi imewahi kuua. Tarehe 25 Februari 1991 huko Dhahran, Saudia, mtambo wa Patriot ulishindwa kuzuia kombora la Scud na askari 28 wa Marekani wakafa. Saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na 0.1 ilikuwa imekatwa ili itoshe kwenye biti 24. Mpangilio wa namba zake haukuwa huu wa `float`, lakini kiini ni kilekile. Baada ya saa 100 bila kuzimwa, hesabu ilikuwa imechelewa kwa takriban sekunde 0.34, muda ambao Scud husafiri zaidi ya nusu kilomita.

Turudi kwenye risiti. Dawa ya kawaida ni kuuliza kama namba mbili ziko karibu vya kutosha, badala ya kuuliza kama ni moja. Hapa wengi hukimbilia `DBL_EPSILON` iliyo ndani ya `float.h`, wakidhani ndicho kipimo rasmi cha uvumilivu. Sicho. Hiyo ni hatua kati ya 1 na `double` inayofuata, kama 0.00000000000000022. Jumla yetu na 3.3 zinatofautiana kwa mara mbili ya hapo, kwa hiyo risiti ingekataliwa tena. Kwenye kilo milioni moja majirani wameachana mbali zaidi, na kipimo hicho hakina tofauti yoyote na `==`.

Kiasi cha kuvumilia kinatokana na kitu kinachopimwa. Mzani wetu unasoma sehemu za kumi, kwa hiyo tofauti ndogo kabisa yenye maana ni kilo 0.1. Vurugu za biti ziko chini sana ya hapo. Chagua namba iliyo katikati, mbali na pande zote mbili; 0.001 inafaa:

```c
int karibu_sawa(double a, double b)
{
    double k = fmax(fabs(a), fabs(b));
    return fabs(a - b) <= fmax(0.001, 1e-9 * k);
}
```

Sehemu ya `1e-9 * k` inaanza kutawala jumla ikipita kilo milioni moja, kwa sababu kosa hukua pamoja na ukubwa wa namba. Usiiache peke yake, kwani karibu na sifuri inakuwa ndogo mno hata isivumilie chochote. Na usiitumie kazi hii kupanga orodha kwa `qsort`: A inaweza kuwa karibu na B, B karibu na C, na bado A na C zikawa mbali, na mpangilio ukavurugika.

Kwa maziwa na fedha, hata hivyo, mimi ningeacha nukta kabisa. Hifadhi sehemu za kumi kama namba kamili, 11 na 22, na 33 itakuwa 33 daima. Shilingi zihesabiwe kwa senti. Uvumilivu ubaki kwa wastani, halijoto na vipimo vingine visivyokuwa na hesabu kamili tangu mwanzo. Angalia tu mlango wa kuingilia: `(long)(4.35 * 100)` hutoa senti 434, kwa kuwa zao hilo liko chini kidogo ya 435 na C hukata mabaki bila kukadiria. Andika `lround(4.35 * 100)`, upate 435.