Nyanya za Juu Hurudisha Mtaji, za Chini Huleta Faida

Muulize muuza nyanya sokoni saa kumi jioni amepata kiasi gani leo, naye atakutajia pesa zote zilizomo kwenye pochi. Ni jibu la haraka, na mitaji mingi midogo hufia hapo. Pesa hizo nyingi si zake bado. Ni za tenga lijalo, za mkokoteni, za ushuru na za mifuko. Kilicho chake ni kile kitakachobaki baada ya hao wote kupata haki yao, na kwa nyanya kitu hicho hakionekani siku ya kwanza.

Tumfuate mama mmoja muuza nyanya wa Mabibo, Dar es Salaam. Ni mfano tulioujenga kutokana na mambo ya kila siku ya soko, na bei za hapa ni za mfano pia, kwa sababu bei ya nyanya hupanda na kushuka hata ndani ya wiki moja. Lakini mwendo wa hesabu ndio huo huo, awe mtu yuko Mabibo, Buguruni au Kisutu.

Alfajiri mama huyu hununua tenga moja kwa shilingi 38,000. Mkokoteni hadi kwenye meza yake ni 2,000. Tenga humchukua siku mbili kulimaliza, kwa hiyo ushuru wa siku hizo mbili ni 1,000, na mifuko ni 1,000 nyingine. Jumla tenga limemgharimu 42,000 kabla hajauza hata nyanya moja.

Siku ya kwanza hupanga nyanya nzuri, ngumu, zenye rangi. Hizo ndizo wateja huzikimbilia. Anauza mafungu 36 ya shilingi 1,000, anapata 36,000. Siku ya pili zimebaki nyanya nzuri chache, anatoa mafungu manane ya 1,000. Zilizolainika anazipanga mafungu 20 ya shilingi 500. Chini kabisa mwa tenga kuna masalo, zile zilizopasuka na kuanza kuchuruzika, na hizo mama lishe wa jirani anazichukua zote kwa 3,000 akapikie rosti. Siku ya pili imeingiza 21,000. Tenga zima limeleta 57,000. Ukitoa 42,000, faida ni 15,000.

Sasa tazama siku ya kwanza ilivyoisha. Pochi lilikuwa na 36,000, na tenga liligharimu 42,000. Maana yake ni kwamba jioni ile hapakuwa na hata shilingi moja ya faida. Pesa yote ilikuwa mtaji unaorudi, na bado ulipungua 6,000. Faida ilikuwa ingali mezani, kwenye zile nyanya laini ambazo mtu huziona kama za kutupa. Mwenye kula jioni ya siku ya kwanza kwa furaha ya mauzo mazuri anakula tenga lijalo.

Na ndivyo mama huyu alivyokuwa akiishi. Akitoka sokoni alipitia duka la Mangi akachukua unga, mafuta na sukari, akanunua dagaa, akatoa nauli za shule za watoto. Kila siku ilimtoka kama 10,000, zote kutoka pochi lile lile. Kwa siku mbili za tenga ni 20,000, wakati tenga linamzalishia 15,000. Kila tenga mtaji ulipungua 5,000, na yeye hakuuona ukipungua kwa sababu kila jioni pochi lilijaa upya. Aliugundua siku aliposimama mbele ya mwenye tenga na pesa haikufika. Akaanza kuchukua mali kauli, tenga la mkopo linalolipwa baada ya kuuza, ambalo bei yake huwa juu kidogo. Faida ikazidi kuwa nyembamba. Hatua inayofuata kwa wengi ni mkopo wa kausha damu, wenye marejesho ya kila siku au kila wiki yasiyojali kama nyanya zimeoza.

Alichokibadilisha ni kitu kimoja: nyumbani kukaacha kula kutoka kwenye tenga linalouzwa, kukala kutoka kwenye tenga lililokwisha. Alianza siku zamu yake ya kupokea mchezo ilipofika. Katika pesa ile alitenga 12,000 kwenye pochi la pili, akaamua hiyo ndiyo posho ya nyumbani kwa siku mbili, 6,000 kila siku. Pochi la biashara likafungwa kwa mambo ya nyumbani. Tenga lilipomalizika na 57,000 kukamilika, aligawa hapo hapo mezani: 42,000 za tenga jipya na gharama zake, 12,000 za posho ya siku mbili zijazo, 2,000 za akiba, na 1,000 ikabaki kwa biashara kama kinga ya kupanda kwa bei.

Pochi mbili zinatosha kuanzia. Wengine hutumia kibindo kwa mtaji na mfuko wa aproni kwa chenji ya siku. Wengine huweka laini mbili za simu, moja ya biashara yenye lipa namba na moja ya nyumbani. Njia ya simu inafaa, mradi mtu akumbuke makato ya kutoa pesa. Anayetoa kidogo kidogo kila siku huwalipa mawakala sehemu ya faida yake. Nafuu ni kutoa mara moja kwa tenga zima au kumlipa mwenye tenga moja kwa moja kwa simu, kama anakubali.

Pochi mbili bila daftari hazidumu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mama huyu lina mistari michache kwa kila tenga: limenunuliwa bei gani, gharama, mauzo ya siku ya kwanza, mauzo ya siku ya pili, kilichobaki. Kuna mistari miwili zaidi ambayo wengi huisahau. Wa kwanza ni nyanya za kupeleka nyumbani. Akichukua fungu la 1,000 kwa mboga ya jioni, pochi la nyumbani linalipa 1,000 kwa pochi la biashara, kama mteja mwingine. Bila hivyo tenga litaonekana halina faida, kumbe faida imepikwa. Wa pili ni madeni. Mama lishe akisema, "Jirani, niandikie, nitakupa jioni," anaandikwa kweli, kwa jina na kiasi, na deni la jana likiwa halijalipwa hapewi jingine.

Kugawa pesa hakuzalishi pesa, na hili lazima lisemwe wazi. Familia iliyokuwa ikitumia 10,000 haiwi familia ya 6,000 kwa kuandika kwenye daftari. Kilichotokea ni kwamba upungufu uliokuwa umejificha ndani ya mtaji sasa ulionekana. Ndipo yeye na mumewe walipoweza kuuzungumzia. "Baba watoto," alimwambia, "biashara inaweza kutoa elfu sita. Ikitoa zaidi, mwezi ujao hakuna biashara." Mume, anayefanya kibarua, akabeba nauli za watoto na sehemu ya unga. Vitu vya kupima kidogo kidogo dukani, kama mafuta ya kula na sukari, vikanunuliwa mara moja kwa wiki, kwa sababu kupima kila siku huongeza gharama. Mazungumzo hayo hayawezekani mtu anapokuwa hajui biashara yake inazalisha nini.

Mahali pa kuweka pesa pana uzito wake. Katika mji mdogo wa Bumala, magharibi mwa Kenya, wanauchumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia akaunti za benki ya kijiji wafanyabiashara wa soko, wengi wao wanawake, pamoja na wanaume wa boda boda za baiskeli. Akaunti hizo hazikutoa riba, na kutoa pesa kulikuwa na makato makubwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: sehemu kubwa ya wanawake wa sokoni walizitumia, wakaweka akiba zaidi, wakaingiza fedha zaidi kwenye biashara, na matumizi yao binafsi pia yakapanda. Kwa wale wa baiskeli hakukuonekana badiliko. Wanawake hao walikuwa tayari kulipia mahali pa kuweka pesa ambapo mkono haufiki kwa urahisi. Pesa iliyo kibindoni humfikia kila anayeomba, awe mtoto, shemeji au jirani mwenye msiba, na kumnyima mtu ukiwa nayo ni kazi ngumu.

Mama wa Mabibo hana haja ya kwenda mbali. Ana kikoba mtaani. Anauza siku sita kwa wiki, yaani matenga matatu, kwa hiyo akiba yake ni 6,000 kila wiki. Kila mkutano hununua hisa, zinaandikwa kwenye kijitabu chake mbele ya wenzake, na pesa inaingia kwenye sanduku ambalo funguo zake zimeshikwa na watu tofauti. Kando yake kuna mfuko wa jamii wa ugonjwa na misiba, ili dharura isigeukie mtaji. Kikundi kizuri kina katiba na hesabu zinazosomwa kila mkutano, na kimesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kikundi ambacho hesabu zake anazijua mtu mmoja tu si mahali pa kuweka jasho.

Mwaka una wiki 52, lakini zipo za homa, za msiba na za mvua zinazokata barabara. Akipata wiki 40 nzuri, siku ya kuvunja kikoba anatoka na 240,000 za hisa zake, pamoja na gawio la riba za mikopo. Na ile 1,000 iliyobaki kwenye kila tenga ina kazi yake. Baada ya wiki kumi imekuwa 30,000. Mvua za masika zikipandisha tenga hadi 55,000, wenzake hununua nusu tenga au hukopa. Yeye anaongeza kutoka kwenye kinga, anapunguza nyanya kwenye fungu la 1,000 kutoka tano hadi nne, na meza haikai tupu. Bei ikishuka, kinga inajazwa tena kwanza.

Ongezeko la kwanza la biashara halikuwa tenga la pili. Matenga mawili yangemzidi kasi ya wateja, na masalo yangeongezeka. Aliongeza vitunguu, ambavyo hukaa wiki kadhaa bila kuoza na hununuliwa na mteja yule yule wa nyanya. Vitunguu vilipoanza kuleta faida yake, ndipo posho ya nyumbani ilipopanda kutoka 6,000 hadi 8,000, baada ya miezi ya daftari kuonyesha kwamba biashara inaimudu.

Ipo njia rahisi ya kujua kama mtaji umekaa mzima. Mara moja kwa mwezi, kabla ya kwenda kununua, hesabu pesa iliyomo kwenye pochi la biashara, jumlisha mali iliyobaki mezani kwa bei ya kununulia, jumlisha madeni unayotegemea kweli kulipwa, kisha toa unachodaiwa. Andika jumla. Ikiwa ya mwezi huu ni ndogo kuliko ya mwezi uliopita, kuna kitu kinakula mtaji: posho kubwa mno, wadeni wasiolipa, masalo mengi, au nyanya za nyumbani zisizoandikwa. Daftari litakuonyesha ni kipi kati ya hivyo, na mtaji ukiwa bado upo, una muda wa kukirekebisha.